Keshia wa siku tatu: mwongozo kamili wa kukokotoa mshahara, likizo na stahili za anayefanya kazi saa pungufu

Ninafunga hesabu za mishahara za maduka kadhaa madogo hapa Dar es Salaam, na swali linalonirudia kuliko yote ni la mtu wa pati taimu. Tajiri anajua kumlipa wa mwezi mzima, anajua kumlipa deiwaka jioni akiondoka, lakini huyu wa katikati, mwenye mkataba kamili na saa chache, anamchanganya.

Kosa huwa karibu lilelile: anakatwa mara mbili. Mshahara unapunguzwa kwa sababu saa ni chache, halafu likizo nayo inapunguzwa kwa sababu hiyohiyo, na posho pia, hata pasipo na sababu ya kuipunguza. Wengine hukosea upande wa pili, wakatoa likizo ya miezi miwili bila kujua.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, wafanyakazi 7, linafungwa Jumapili. Keshia wa muda wote analipwa mshahara wa msingi 780,000 kwa mwezi na posho ya nauli 4,000 kwa kila siku ya kazi. Tajiri, mama wa makamo, ameajiri keshia wa pili kwa siku zenye pilikapilika tu: Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Amlipe nini?

Sheria ninayoitumia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar, usiichukue kama ilivyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Mkataba wa mfanyakazi wa muda wote anayefanya kazi ileile. Kama hayupo, mshahara ambao ungemlipa.
- Ratiba ya zamu, yenye saa ya kuingia, saa ya kutoka na muda wa kula.
- Daftari la mahudhurio. La kalamu na karatasi linatosha, mradi linasainiwa kila siku.
- Jedwali la PAYE la TRA linalotumika mwaka huu.
- TIN na namba ya uanachama ya NSSF ya mfanyakazi.
- Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa, ukurasa wa sekta yako.
- Kikokotoo, au jedwali la Excel.

Kuna na jibu la swali moja, ambalo unapaswa kumuuliza mfanyakazi mwenyewe: ana ajira nyingine mahali pengine? Watu wengi wa siku tatu wanayo. Jibu lake litabadilisha kodi, tutaona kwenye hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Tafuta sehemu yake kwa saa, si kwa siku

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tena kwenye mlango wenyewe. Mama wa Tegeta aliniambia, "Mwanangu, wao wanafanya siku sita, huyu siku tatu. Si nusu hiyo? Nimgawie nusu." Kwa haraka inaonekana sawa. Nikamwomba ratiba.

Keshia wa muda wote anafanya siku 6 za saa 7 na nusu, jumla saa 45 kwa wiki. Huyu wa pili anaingia saa tatu asubuhi na kutoka saa moja jioni. Hizo ni saa 10, toa saa moja ya chakula, zinabaki 9. Mara siku 3, ni saa 27.

27 ÷ 45 = 0.6

Si nusu. Angelipwa nusu angepata 390,000 badala ya 468,000, yaani 78,000 zingepotea kila mwezi bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu.

Sababu: mshahara wa msingi ni malipo ya saa za kawaida za kazi. Siku ni chombo tu cha kubebea saa, na vyombo havilingani ukubwa.

Angalia mambo mawili. Kwanza, namba ya chini ya mgawanyo ni saa za muda wote za *mahali pako*. Saa 45 kwa wiki ndicho kikomo cha sheria, lakini kama ofisi yako wa muda wote wanafanya 40, gawanya kwa 40. Saa 27 kwa 40 ni 0.675, na huyo anastahili zaidi. Pili, muda wa kula usiuhesabu kama ni wake kweli. Keshia anayekula huku anahudumia wateja hajapumzika, na saa hiyo ni ya kazi. Kwa ratiba hii ingekuwa hatari zaidi, kwa sababu saa 9 kwa siku ndicho kikomo cha saa za kawaida na tayari tumekifikia.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika mstari mmoja usio na neno "takriban": saa 27 kati ya 45, sehemu 0.6. Mstari huo uingie kwenye mkataba pamoja na ratiba.

## Hatua ya 2: Pata mshahara wa msingi, kisha ukague kwa kima cha saa

Mshahara wa msingi: 780,000 × 0.6 = 468,000.

Usiishie hapo. Geuza mishahara yote miwili kuwa kima cha saa, kwa kanuni ya jedwali la kwanza la sheria: mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Hiyo 4.333 ni wiki za wastani katika mwezi, wiki 52 kwa miezi 12.

```
=780000*27/45
=780000/(4.333*45)
=468000/(4.333*27)
=468000/(4.333*3)
```

Mstari wa kwanza unatoa 468,000. Wa pili na wa tatu yote inatoa 4,000 na senti chache. Wa nne ni kima chake cha siku, 36,003, na utakihitaji baadaye.

Sababu: kama vima vya saa vya watu wawili wanaofanya kazi ileile havilingani, hatua ya kwanza ina kosa. Sijawahi kuona ukaguzi mwepesi kuliko huu.

Onyo kuhusu kima cha chini. Amri ya kima cha chini ina safu za saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Kwa mtu wa saa pungufu soma safu ya saa. Ukilinganisha mshahara wake wa mwezi na safu ya mwezi, unaweza kujiona umevunja sheria kumbe hujavunja. Baya zaidi ni yule anayempa mtu wa muda wote kiasi kinachoenea kwenye safu ya mwezi, kisha anamwongezea saa zisizoandikwa popote.

Onyo kuhusu "kugawa kwa 30". Mshahara kugawa 30 hutoa siku ya kalenda, nayo si siku ya kazi. Kwa keshia huyu ni 15,600, chini ya nusu ya thamani ya zamu yake. Akikosa zamu moja bila ruhusa ukamkata 15,600, duka limepunjika. Akifanya zamu moja ya nyongeza ukamlipa 15,600, yeye ndiye amepunjika.

Swali moja litakuja tu, kwa hiyo lijibu mapema. Februari 2026 ina zamu 12 za Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Oktoba 2026 ina 15. Je, mshahara upande na kushuka? Hapana. 468,000 ni wastani wa zamu 156 za mwaka mzima, 13 kwa mwezi. Mwambie siku ya kusaini mkataba, na umwonyeshe kalenda. Ukingoja Oktoba ndipo umweleze, atadhani unamzungusha.

## Hatua ya 3: Posho zipitie moja moja, na kila moja iulize inalipia nini

Usizidishe posho zote kwa 0.6. Kila posho ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayosema igawanywe vipi.

Nauli inalipia safari. Keshia wa muda wote anakuja siku 26 kwa wastani wa mwezi, anapata 104,000. Huyu anakuja siku 13: 13 × 4,000 = 52,000. Ukizidisha 104,000 kwa 0.6 unapata 62,400, umemlipia safari ambazo hajasafiri. Hapa siku ndizo zinazotawala. Daladala haijali umekaa dukani saa ngapi.

Chakula cha mchana kinafuata siku pia. Posho ya dhamana ya fedha, ile anayolipwa keshia kwa sababu upungufu wa sanduku ni juu yake, mimi huigawa kwa saa, maana hatari inakuja na muda anaoshika fedha.

Vipo visivyogawanyika kabisa. Koti la kazi ni koti. Hakuna anayevaa sehemu 0.6 ya koti. Bima ya afya nayo haiuzwi nusu kadi. Kama duka linawalipia wafanyakazi bima, kuna njia mbili safi: mlipie mchango wote, au mkubaliane kwa maandishi kwamba duka linachangia sehemu na yeye anamalizia. Kumwacha nje kimya kimya kisha agundue siku mtoto anaumwa ni njia ya kupoteza keshia mzuri.

Umefaulu ikiwa kila posho ina neno moja pembeni yake: saa, siku, au nzima.

Kwa mfano wetu: 468,000 + 52,000 = 520,000. Huo ndio mshahara ghafi.

## Hatua ya 4: Makato yahesabiwe upya, usipunguze ya mwenzake

Njia ya mkato niliyoikuta kwenye madaftari mengi ni hii: chukua fedha anayobaki nayo mkononi wa muda wote, zidisha kwa 0.6. Tuijaribu tuone inavyouma.

Keshia wa muda wote ana ghafi 884,000. NSSF yake ya asilimia 10 ni 88,400, inabaki 795,600 ya kutozwa kodi. PAYE ni 76,900. Mkononi anabaki na 718,700. Zidisha kwa 0.6: 431,220.

Sasa hesabu ya kweli ya keshia wa siku tatu:

- Ghafi: 520,000
- NSSF asilimia 10: 52,000
- Kiasi cha kutozwa kodi: 468,000
- PAYE: 270,000 za kwanza hazitozwi, 198,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8, yaani 15,840
- Mkononi: 452,160

Njia ya mkato ingemnyang'anya 20,940 kila mwezi.

Sababu: PAYE ni ngazi. Wa muda wote amepanda ngazi za asilimia 20 na 25, huyu hajavuka ile ya asilimia 8. Huwezi kumtoza sehemu ya kodi ya ngazi asiyoifikia.

Onyo: na zile 270,000 zisizotozwa usizipunguze kuwa 162,000 kwa kuwa yeye ni "sita ya kumi". Ngazi za TRA zinatazama kipato cha mwezi, hazitazami saa.

Kama ana ajira nyingine. Sasa lile swali la mwanzo. Nafuu ya ngazi hutolewa kwa mwajiri mmoja tu, yule mkuu. Wewe ukiwa mwajiri wa pili, kodi hukatwa kwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza: 468,000 × 0.3 = 140,400, badala ya 15,840. Ni pengo linaloweza kuvunja urafiki, kwa hiyo apate kulijua kabla hajasaini. Mwambie aamue yeye nani ni mwajiri wake mkuu, na akupe jibu hilo kwa maandishi.

Upande wa duka kuna vitu viwili juu ya mshahara: NSSF ya mwajiri, asilimia 10, 52,000, na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, 2,600. Tozo ya ufundi stadi, SDL, inaanza kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Hapa wako 7, kwa hiyo haiwahusu. Ila ukikaribia kumi kumbuka kwamba na wa saa pungufu ni mfanyakazi, hesabuni kichwa kimoja. Gharama kamili ya keshia huyu kwa duka ni 574,600 kwa mwezi. PAYE ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

## Hatua ya 5: Likizo ya mwaka, mahali ambapo fedha nyingi hupotea

Nenda polepole hapa.

Sheria inasema likizo ya mwaka ni siku 28 *mfululizo* katika kila mzunguko wa miezi 12. Neno mfululizo ndilo lenye kila kitu. Hizo ni siku za kalenda: Jumapili zimo, sikukuu zimo, na siku ambazo mtu hafanyi kazi zimo. Siku 28 mfululizo ni wiki 4 kamili.

Sasa fikiria. Wa muda wote akienda likizo wiki 4, anaacha zamu 24. Keshia wetu akienda wiki 4, anaacha zamu 12. Upungufu umeshatokea wenyewe, ndani ya kalenda, bila wewe kugusa kikokotoo. Kwa wiki 4 zilezile, mmoja analipwa kwa kima cha mshahara wa 780,000 na mwingine kwa kima cha 468,000. Kila mmoja amepata anachostahili.

Mama wa Tegeta alikuwa ameandika kwenye daftari, kwa biro nyekundu: "Likizo 28 × 0.6 = siku 17." Nikachukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya muuza saruji, tukahesabu kwa kidole. Keshia anamaliza zamu Jumamosi, likizo inaanza Jumapili. Wiki ya kwanza, zamu 3. Wiki ya pili, zamu 3. Zinabaki Jumapili, Jumatatu na Jumanne, ambazo hata hivyo haji kazini. Jumla zamu 6.

"Kwa hiyo nimempa nusu," akasema.

Naam, mama. Nusu ya zamu 12. Kwa kima cha 36,003, ni 216,018 ambazo angezifanyia kazi wakati sheria inasema apumzike.

Kosa la upande wa pili nimelikuta Kariakoo: tajiri aliandika "siku 28 za kazi". Mtu wa zamu 3 kwa wiki akizichukua siku 28 za kazi, anaondoka zaidi ya wiki 9. Ukiamua kuwa mkarimu ni sawa, lakini uwe umeamua.

Namna ya kuandika kwenye kadi ya likizo: andika "siku 28 mfululizo, sawa na zamu 12". Ukiandika zote mbili, hakuna atakayekuja kubishana baadaye.

Ukaguzi. Sheria yenyewe ina kanuni ya likizo iliyolimbikizwa: ujira wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 ambazo mtu amefanya kazi au alistahili kufanya. Ipime. Wa muda wote ana siku 312 kwa mwaka. Gawa kwa 13, unapata 24. Keshia wetu ana 156. Gawa kwa 13, unapata 12. Ni zamu zilezile tulizozipata kwa kalenda. Njia mbili zinapokutana hivyo, ujue uko sawa.

Malipo ya likizo yanatazama mshahara wa msingi. Kwa mtu wa mwezi, rahisi zaidi ni kuuacha mshahara uendelee kama kawaida. Posho ya nauli inaweza kusimama kwa wiki hizo, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Likizo ianze siku inayofuata zamu yake ya mwisho ya wiki. Na sikukuu ikiangukia ndani ya zile siku 28, haiongezi siku.

## Hatua ya 6: Ugonjwa, sikukuu na saa za nyongeza

Hapa nitapita haraka, maana ukishaelewa likizo mengine yanafuata.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, kwa cheti cha daktari: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. Siku usizipunguze. Mshahara "kamili" kwa keshia wetu ni 468,000 na nusu yake ni 234,000. Likizo ya uzazi ya siku 84 hali kadhalika: mtoto hanyonyi kwa sehemu 0.6.

Sikukuu ikiangukia Alhamisi, duka likafungwa, mshahara wake haukatwi. Ikiangukia Jumatatu, hapati siku mbadala, kwa sababu Jumatatu hakuwa na zamu. Akifanya kazi siku ya sikukuu, kima cha saa hulipwa mara mbili.

Saa za nyongeza zina mtego. Akibaki Jumamosi hadi saa mbili usiku, hiyo ni saa ya kumi ya siku. Ni saa ya ziada bila mjadala, 4,000 × 1.5 = 6,000. Lakini akiitwa Jumatano kushika zamu ya mwenzake? Wiki hiyo anafikisha saa 34 na nusu, bado chini ya 45 za duka lakini juu ya 27 za mkataba wake. Mimi huandika kwenye mkataba kwamba kila saa juu ya 27 inalipwa mara moja na nusu. Matajiri wengine hunung'unika, kisha wanagundua kwamba kifungu hicho kinawazuia wasimamizi wao kumwita mtu ovyo kila Jumatano.

Zamu hizo zikiwa za kila wiki, saa zake si 27 tena. Rudi hatua ya kwanza, andika mkataba upya. Ishara ni daftari la mahudhurio: wiki nane mfululizo zenye Jumatano ndani yake si nyongeza tena, ni ratiba mpya ambayo hakuna aliyeiandika.

## Hatua ya 7: Anapoondoka kabla ya kwenda likizo

Tuseme keshia ameacha kazi baada ya miezi kadhaa, hajachukua hata siku moja ya likizo, na daftari linaonyesha zamu 104.

104 ÷ 13 = 8

8 × 36,003 = 288,024

Hiyo inalipwa pamoja na mshahara wa siku alizofanya, na inapita kwenye makato kama malipo mengine ya kazi.

Onyo: usizidishe tena kwa 0.6. Upungufu umo tayari kwenye zamu 104 (mwenzake wa muda wote angekuwa na 208 kwa wiki hizohizo). Ukikata tena unapata 172,814, na hesabu hiyo ikifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hutakuwa na pa kuitetea.

Hesabu zamu alizostahili kufanya, si alizotokea tu. Zamu iliyoangukia sikukuu au siku za ugonjwa zenye cheti inaingia. Kwa hiyo daftari lisiwe na nafasi tupu. Andika "sikukuu" au "mgonjwa" palepale.

## Hatua ya 8: Slipu ya mshahara anayoweza kuikagua mwenyewe

Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya malipo kwa maandishi. Kwa mtu wa saa pungufu, slipu ya kawaida haitoshi, kwa sababu haimwonyeshi namba yake imetoka wapi. Ongeza mistari mitatu juu:

- Saa za mkataba: 27 kati ya 45 (0.6)
- Kima cha saa: 4,000
- Zamu za mwezi huu, na zamu za likizo zilizobaki kati ya 12

Chini yake yafuate: msingi 468,000, nauli 52,000, ghafi 520,000, NSSF 52,000, PAYE 15,840, mkononi 452,160.

Mpe mwezi wa kwanza akiwa amekaa, na kikokotoo mkononi. Keshia wa Tegeta alichukua simu yake, akaandika 468,000, akagawa kwa 4.333, akagawa tena kwa 27. Ikatoka elfu nne na kitu. Akamgeukia mwenzake wa muda wote aliyekuwa anafunga sanduku na kumwuliza, "Dada, wewe saa yako shilingi ngapi?" Yule akapiga yake, 780,000, kwa 45. Wakaonyeshana vioo vya simu, halafu akasaini.